Karatasi ya hospitali haifupishwi



Leo sikuja na salamu ndefu, nimekuja na ugomvi. Nagombana na maneno mawili ninayoyasikia katika nyumba zetu kila mara mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali: "Wewe fupisha."

Munajua hali ilivyo. Mama mkubwa anaongea Kiswahili cha Goma na kilugha cha kwao. Karatasi ya kutoka hospitali imeandikwa kwa Kiingereza, pengine nusu yake kwa Kifaransa. Infirmie anaeleza kwa Kinyarwanda, haraka haraka kwa sababu nyuma yetu watu wengine ishirini wanangoja. Katikati yao amesimama kijana mmoja wa nyumba, mimi au wewe, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kilichotoka kinywani mwa munganga kinafika sikioni mwa mama mkubwa kikiwa kizima. Hapo ndipo mjomba anaingilia: "Mama mukubwa anazeeka, musimuchanganyishe na maneno mingi. Mumuambie tu akunywe dawa, na akisikia vibaya arudi."

Inasikika kama huruma. Mimi nasema ni hatari, na nitaonyesha kwa karatasi moja tu, mstari kwa mstari. Nimechagua ya insulini kwa sababu mbili. Ugonjwa wa sukari umo katika familia zetu nyingi, na insulini ni dawa ambayo tofauti kati ya kusaidia na kuua inaweza kuwa neno moja lililotafsiriwa ovyo.

Tuseme karatasi inasema hivi: insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 inayofanana na maziwa, 18 UI saa 07:00 na 10 UI saa 19:00, chini ya ngozi, dakika 30 kabla ya kula. Metformini 500 mg, 1x2, wakati wa chakula. Kisha kuna onyo kuhusu sukari kushuka, na orodha ya mambo ya kumrudisha hospitali. Karatasi yenyewe haifiki hata ukurasa mmoja. Hebu tuone "kufupisha" kunaiharibu vipi.

Tuanze na namba. Mtu anayefupisha anasema: "Ni kumi na nane asubuhi, kumi jioni." Kumi na nane ya nini? Herufi UI zinamaanisha yuniti, kipimo cha nguvu ya insulini. Yuniti si mililita, si tone, wala si mstari wa kwenye sindano. Insulini ya kawaida siku hizi ina yuniti 100 katika mililita moja, kwa hiyo yuniti 18 ni kama matone machache tu, sehemu 18 kati ya 100 za mililita.

Sasa angalia kinachotokea nyumbani mtu aliposikia "kumi na nane" peke yake. Kuna bomba la sindano la insulini la nusu mililita, ambalo kila mstari wake mdogo ni yuniti moja. Hapo ukihesabu mistari 18 umepata sawa. Kuna la mililita moja, na mengi ya hayo kila mstari ni yuniti mbili. Ukihesabu mistari 18 umemchoma yuniti 36, mara mbili ya dozi. Na kuna seringi ya kawaida ya mililita mbili, ile inayouzwa kila famasi, yenye mistari ya sehemu kumi za mililita. Ukihesabu mistari 18 hapo umevuta yuniti 180. Hiyo ni mara kumi, na mtu wa sukari aliyepigwa dozi mara kumi anaweza asiamke.

Aliyetafsiri hakusema uongo hata kidogo. Namba ni ileile. Alichoacha ni neno "yuniti" na aina ya sindano, kwa sababu aliona ni maneno ya kiganga yasiyomhusu mama mkubwa. Kumbe ndiyo yaliyokuwa dawa yenyewe. Tafsiri kamili ni hii: "Mama mkubwa, asubuhi ni yuniti kumi na nane. Unapima kwa sindano ya insulini tu, hii hapa, na unavuta mpaka mstari huu." Unamwonyesha kwa kidole mbele ya infirmie, na infirmie anatikisa kichwa kukubali. Sindano zikiisha na famasi wakakupa za aina nyingine, unarudi kuuliza mstari ni upi. Hukisii.

Kuna mtego mwingine wa kuangalia kwenye maandishi ya mkono. Wengine hawaandiki UI, wanaandika herufi U peke yake baada ya namba, na U iliyoandikwa haraka inafanana na sifuri. "10U" inaweza kusomeka 100. Ukiona namba ya insulini iliyoruka ghafla kuliko ile mgonjwa aliyokuwa akichomwa wodini, simama hapohapo. Muulize: "Munganga, hii ni kumi au ni mia?" Usione aibu. Hilo swali ni dogo kuliko jeneza.

Na ile 1x2 ya metformini? Kwa waganga wengi wa huku na wa ng'ambo ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Lakini wapo wanaoandika namba kwa mpangilio wa kinyume, mara kwanza, vidonge baadaye. Basi usimsomee mgonjwa alama. Msomee sentensi: "Kinini kimoja asubuhi pamoja na chakula, kinini kimoja jioni pamoja na chakula, jumla viwili kwa siku." Neno "jumla" ndilo linalokamata kosa. Kama munganga alimaanisha vinne, atashtuka akisikia viwili.

Tuje kwenye saa. Hapa Kiswahili chetu kinatutega wenyewe. Karatasi inasema 07:00. Simu inaonyesha 07:00. Mtoto aliyesoma shule kwa Kiingereza anasoma "saa saba." Lakini kwa mama mkubwa saa saba ni mchana, jua likiwa kichwani, saa ambayo simu inaandika 13:00. Na 19:00 itasomwaje? Wengine katika nyumba zetu wanahesabu saa kwa Kiswahili, wengine wanahesabu kwa Kifaransa, na wengi tunachanganya kutegemea tunaongea na nani. Kati ya Goma na Gisenyi saa haibadiliki, lakini kati ya midomo miwili ndani ya chumba kimoja inabadilika kwa masaa sita.

Kwa insulini masaa sita si jambo dogo. Dozi ya asubuhi ikihamia saa saba mchana, na ya jioni ikabaki saa moja usiku, dozi mbili zinakaribiana na kufanya kazi moja juu ya nyingine, halafu usiku kucha mgonjwa amelala bila mtu wa kumwangalia. Dawa ni ileile, na mtu yuko hatarini.

Dawa ya mtego huu ni rahisi. Usitaje namba ya saa peke yake. Ifunge kwenye kitu kisichobishaniwa: "saa moja asubuhi, kabla ya chai, simu itaandika 07:00" na "saa moja jioni, kabla ya chakula cha usiku, simu itaandika 19:00." Kisha muulize mama mkubwa mwenyewe: "Saa hiyo kwa kawaida unakuwa unafanya nini?" Akijibu "natoka sokoni," ujue mumepotezana.

Sasa tufike pale penye uchungu zaidi. Karatasi inasema dakika 30 kabla ya kula. Anayefupisha anasema "kabla ya kula," na mgonjwa anaelewa kwamba muradi hajala, yuko sawa. Anajichoma saa moja asubuhi, anaenda kutafuta cha kupika, anarudi saa tano.

Insulini ya mchanganyiko ina sehemu mbili. Asilimia 30 ni ya haraka, inaanza kushusha sukari ya damu karibu nusu saa baada ya sindano. Asilimia 70 ni ya polepole, inaendelea kwa masaa mengi. Zile dakika 30 ziko pale ili chakula kifike tumboni wakati dawa inaanza kazi. Kwa hiyo sentensi ya munganga ina nusu ya pili ambayo haikuandikwa kwa sababu yeye anaiona ni wazi: ukishachoma, lazima chakula kifuate. Mtafsiri anapaswa kuisema kwa sauti: "Mama mkubwa, kama chakula hakipo karibu, usichome kwanza."

Lakini hapo hapo kuna swali ambalo mtafsiri hana haki ya kulijibu. Siku ambayo nyumbani hakuna chakula, afanye nini? Aache kabisa? Apunguze? Kuacha insulini kabisa nako kunaweza kumlaza hospitali, sukari ikipanda mpaka damu inakuwa na asidi. Wewe kijana wa kutafsiri huna jibu, na mjomba hana. Jibu analo munganga, na munganga hajui kwamba kwetu kuna siku tunakula mara moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hapa nagombana na aibu yetu. Tunatafsiri kutoka juu kuja chini tu: munganga anasema, sisi tunapokea na kusema "murakoze." Hakuna anayetafsiri kutoka chini kwenda juu. Mama mkubwa ananong'ona, "Sasa chakula ya kila asubuhi itatoka wapi?" na kijana anameza hilo neno kwa sababu anaona haya kulisema mbele ya watu. Ukilimeza umetafsiri nusu ya mazungumzo. Liseme kama lilivyo: "Anauliza, siku asiyokuwa na chakula cha asubuhi afanye nini na sindano?" Munganga akisikia hivyo anaweza kubadilisha dozi, anaweza kubadilisha aina ya insulini, au ataandika mstari mmoja wa nyongeza. Huo mstari wa nyongeza ni sehemu ya matibabu, na haungekuwepo kama ungeona haya.

Sasa neno lenyewe. Neno "sukari."

Katika Kiswahili chetu, sukari ni ugonjwa: "Mama yuko na sukari." Sukari ni kile kilicho ndani ya damu: "Sukari imepanda." Na sukari ni kile cha kwenye kikombe: "Ongeza sukari." Neno moja, vitu vitatu. Siku za kawaida hakuna anayepotea. Siku ya hatari ndiyo tunapotea wote.

Karatasi inatoa onyo kuhusu sukari ya damu kushuka mno. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kudunda, kuona kizunguzungu, kuongea ovyo, ukali usio wa kawaida. Inaweza kuja mgonjwa alipochoma bila kula, au alipochoma nyingi, au alipofanya kazi nzito. Anayefupisha anamwambia mama mkubwa na watoto: "Mukiona anatetemeka, sukari imemushika." Basi siku inafika, mama mkubwa amekaa mkekani, kanga imeloa jasho, anaongea maneno yasiyounganika. Mtoto anakimbilia chai yenye sukari. Jirani anapiga kelele: "Apana! Uyu iko na sukari, musimupe sukari, mutamuua!" Kikombe kinaondolewa. Na kile kikombe ndicho kilichokuwa dawa.

Sitaki mtu aseme jirani ni mjinga. Jirani amefuata mantiki ya neno alilopewa. Mwenye kosa ni tafsiri iliyoacha neno moja libebe vitu vitatu.

Mambo haya hayatupati sisi tu. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 wa familia ya Kikyuba aliletwa hospitali akiwa hajitambui. Familia ilisema kwa Kihispania kwamba yuko "intoksikado," neno ambalo kwao lilimaanisha amedhurika na kitu alichokula au kunywa. Walioko hospitali walisikia kitu kinachofanana na neno lao la Kiingereza la kulewa, wakamtibu kama aliyezidisha madawa ya kulevya. Hakuna mtafsiri wa kweli aliyeitwa, kwa sababu kila mtu alidhani ameelewa. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Ilipogunduliwa, alikuwa amepooza mikono na miguu, na kesi ikaishia kwenye malipo ya karibu dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Zingatieni hilo: kila mtu alidhani ameelewa. Neno usilolijua linakufanya uulize. Neno unalodhani unalijua linapita bila kupekuliwa.

Basi kwa mgonjwa wa insulini mimi napendekeza tugawe hilo neno makusudi, na nyumba nzima ifuate. Ugonjwa uuite "diabete," neno ambalo kila mtu wa Goma analijua. Kilicho ndani ya mwili kiite "sukari ya damu," na kila mara useme imepanda au imeshuka, usiseme "imemshika." Cha kikombe kiite "sukari ya chai." Kisha onyo linakuwa sentensi ambayo jirani hawezi kuipindua:

"Akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akiongea ovyo, sukari ya damu imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe mara moja sukari ya chai vijiko vidogo vitatu au vinne ndani ya maji, au Fanta ya kawaida nusu glasi. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Kama hajitambui au hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali sasa hivi."

Angalieni kwamba humo ndani kuna maneno madogo yanayobeba uzito wote. "Kama anaweza kumeza" likidondoka, mtu atamwagiwa maji ya sukari kooni akiwa hajitambui, na yataingia kwenye mapafu. "Ya kawaida" likidondoka, atapewa soda isiyo na sukari, ambayo haimsaidii kitu. "Dakika 15" zikidondoka, watamjaza glasi tatu mfululizo, au watangoja saa nzima. Anayefupisha huwa anaondoa maneno madogo kwanza, kwa sababu yanaonekana ni mapambo.

Na kama kuna mashine ya kupima nyumbani, mpaka uliowekwa kwa kawaida ni chini ya 70 mg/dl kuwa imeshuka. Kama mashine haipo na hamjui imepanda au imeshuka, mafundisho ya kawaida ni kumtendea mgonjwa aliye macho kama ambaye imeshuka, kwa sababu kushuka kunaua kwa dakika, na kikombe kimoja cha ziada kwa aliyepanda hakiongezi madhara makubwa kwa muda huo. Lakini hilo nalo ulizeni munganga wenu kabla ya kutoka, liandikwe.

Mstari wa mwisho wa karatasi ni ule wa kurudi. Munganga anasema mgonjwa arudishwe akitapika na kushindwa kuweka chakula, au akipumua kwa kasi, au akiwa na homa, au akipata kidonda mguuni, au sukari ya damu ikibaki juu ya 300. Sisi kwa mazoea ya kuongea tunasema: "Akitapika, na homa, na kupumua vibaya, na kidonda, murudi." Hiyo "na" inaua. Mama mkubwa anatapika siku mbili, lakini homa hana, kidonda hana, basi anasema bado haijatimia. Anangoja orodha ikamilike kama mtu anayengoja mihuri yote kwenye karatasi ya mpakani.

Weka "au" kila mahali munganga aliposema "au," na malizia kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea: "Hata moja tu kati ya haya, tunaenda. Hatungoji ya pili." Na kama karatasi inasema "mara moja," usiseme "mapema." Mapema kwetu inaweza kuwa kesho mvua ikiacha.

Najua majibu yatakayokuja chini ya maandishi haya. La kwanza: "Utamtisha mzee." Nawajibu hivi. Mzee aliyekimbia vita, aliyevuka Petite Barrière na kifurushi kichwani, aliyeona Nyiragongo ikitoka moto Mei 2021, munadhani neno "usichome bila kula" litamtisha? Anachokiogopa ni kuona watu wananong'ona juu ya mwili wake kwa lugha asiyoisikia. Na hata akiogopa, ni ugonjwa wake. Hakukupa ruhusa ya kuchagua nini ajue.

La pili: "Mtoto anajua Kiingereza vizuri, atatafsiri yeye." Mtoto wa miaka kumi na moja anajua Kiingereza cha darasani. Hajui yuniti ni nini, na zaidi ya hapo hawezi kumkatiza munganga na kusema "sijaelewa, rudia." Pia kuna maswali ambayo bibi hatayajibu kupitia mdomo wa mjukuu wake, kuhusu mkojo, kuhusu kitanda. Atasema "hapana" ili yaishe, na hilo "hapana" litaandikwa kwenye faili. Ikiwa kweli hakuna mtu mwingine, mtoto asome karatasi neno kwa neno kwa sauti, asielezee, na mtu mzima apigwe simu asikilize.

La tatu, na hili lina ukweli ndani yake: "Waganga wenyewe hawana muda." Ni kweli, foleni ni ndefu. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kuuliza "kuna anayeongea Kiswahili hapa?" si kuomba zawadi. Mara nyingi yupo, anapita na toroli, au yuko famasi, amekulia mpakani kama sisi. Na hata asipokuwepo, kuna jambo moja linalochukua dakika mbili tu: mgonjwa mwenyewe arudishe maelezo. Si wewe. Mama mkubwa aseme kwa kinywa chake, kwa Kiswahili chake, atachoma ngapi, kwa sindano ipi, saa ngapi, akitetemeka atafanya nini. Wewe unamtafsiria munganga alichosema mama mkubwa bila kukirekebisha. Hapo ndipo kishawishi kilipo, kwa sababu akikosea utataka kumwokoa aibu na kutafsiri jibu sahihi. Ukifanya hivyo, umemfunika macho mtu pekee aliyeweza kuona kosa.

Na pale usipojua neno, sema hulijui. "Munganga, hili neno silijui, nieleze linafanya nini mwilini." Mtafsiri anayesema hivyo mara tatu kwa siku ndiye ninayemwamini na mama yangu. Anayetiririka bila kusimama namwogopa.

Kwa hiyo mjomba, kwa heshima yako yote, shikamoo, lakini hapa nakukatalia. Maneno mengi hayamchanganyishi mama mkubwa. Kinachomchanganya ni namba bila yuniti, saa bila asubuhi, sukari moja yenye maana tatu, na "na" iliyokaa mahali pa "au." Ukiona karatasi ni ndefu, isome mara mbili badala ya kuifupisha. Kisha iandike upya kwa Kiswahili cha nyumbani, herufi kubwa, ibandike ukutani karibu na mahali dawa inapokaa, ili hata yule jirani mwenye sauti kubwa aisome kabla hajaondoa kikombe.